Bei ya Rekodi Namba 5 Iko Anwani Gani?

Chukua programu ya duka inayotunza bidhaa kwenye safu ya rekodi. Kila rekodi ina namba ya bidhaa, baiti 4. Herufi moja ya aina yake, baiti 1. Na bei, baiti 4. Kwenye lugha ya C unaandika `bidhaa[5].bei`, kazi imekwisha. Ukishuka kwenye asembli majina hayo hayapo. Zimebaki baiti na anwani zake, na bei unaitafuta mwenyewe.

Hesabu ni fupi: chukua anwani ya mwanzo wa safu, ongeza namba ya rekodi mara ukubwa wa rekodi moja, kisha ongeza umbali wa bei kutoka mwanzo wa rekodi yake. Wengi huteleza kwenye ukubwa. Ukijumlisha 4, 1 na 4 unapata 9, ilhali rekodi hii kwa kawaida huchukua baiti 12. Kompaila hutaka namba ya baiti 4 ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, hivyo baada ya ile herufi huacha baiti 3 tupu. Bei inakaa umbali wa 8, si 5. Safu ikianzia anwani 4000, bei ya rekodi namba 5, ambayo ni ya sita kwa kuwa tunaanza kuhesabu na sifuri, iko 4000 + 5 × 12 + 8, yaani 4068.

Prosesa za x86-64 hufanya hesabu hii ndani ya agizo lenyewe la kusoma kumbukumbu. Tatizo ni kwamba kizidishi kimepewa biti 2 tu, kwa hiyo kinaweza kuwa 1, 2, 4 au 8. Kumi na mbili haimo. Hapo ndipo panaponifurahisha: 12 ni 3 mara 4, na 3 unaipata kwa kujumlisha namba na maradufu yake.

```
lea rax, [rsi+rsi*2]
mov eax, [rdi+rax*4+8]
```

`rdi` ina 4000, `rsi` ina 5. Agizo la kwanza halisomi kumbukumbu. Linakokotoa 15 tu. La pili linazidisha 15 kwa 4, linaongeza 4000 na 8, kisha linasoma bei. Rekodi ingekuwa ya baiti 28 ujanja huu usingetosha; ungezidisha kwa `imul`.

Ukikosea, kosa lina alama yake. Rekodi namba 0 ikitoa bei sahihi na zinazofuata zikatoa upuuzi, ukubwa wa rekodi ndio mbovu, kwa sababu sifuri mara chochote ni sifuri. Hata ya kwanza ikiharibika, kagua kwanza umbali wa bei. Kama programu ilikompailiwa kwa `-g`, ndani ya GDB amri `ptype /o struct bidhaa` itakuonyesha kila umbali, pamoja na zile baiti 3 tupu.