Moyo wa mtoto, mawe ya Goma na pointi za bilten



Wazazi, baadhi yenu mlipochukua bilten mliuliza kwa nini elimu ya viungo ina pointi, wakati watoto wanakimbia bure kila siku wakitumwa maji. Swali ni la haki. Kama tungetoa pointi kwa anayefika wa kwanza, tungekuwa tunamlipa mtoto kwa urefu wa miguu aliyoirithi kwenu. Tunachopima ni kitu kingine: moyo wake unafanyaje kazi, na unatulia kwa haraka kiasi gani baada ya kazi hiyo.

Kipimo chenyewe kilibuniwa na daktari Mfaransa aitwaye Ruffier, na hakihitaji chombo zaidi ya saa. Mtoto anakaa kimya dakika chache, kisha tunahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Halafu anachuchumaa na kusimama mara 30 ndani ya sekunde 45, visigino vikiwa chini. Akimaliza tu, tunahesabu tena kwa sekunde 15, na mara ya tatu katika sekunde 15 za mwisho za dakika hiyo ya kwanza ya kupumzika. Tunajumlisha hesabu tatu, tunatoa 200, tunagawa kwa 10.

Tuseme mwanafunzi wa darasa la saba ana mapigo 80 akiwa ametulia, 132 baada ya kuchuchumaa, na 96 dakika inapokwisha. Jumla ni 308. Ukitoa 200 na kugawa kwa 10, unapata 10.8. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi anapata 76, 124 na 84, yaani 8.4. Alama imeshuka, na hapa kushuka ndiko kuzuri. Moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo hauhitaji kupiga mara nyingi, na deni la hewa unalilipa mapema. Ushukaji huo ndio unaopewa pointi. Mtoto mnene aliyetoka 14 hadi 11 anaweza kumpita mchezaji hodari wa mpira aliyebaki palepale.

Majedwali yaliyochapwa Ulaya hatuyafuati neno kwa neno. Yaliandaliwa hasa kwa watu wazima, na moyo wa mtoto hupiga haraka kuliko wa mtu mzima hata akiwa amelala. Tena Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Ndiyo maana mtoto tunamlinganisha na yeye mwenyewe.

Kipimo hiki hudanganyika kwa urahisi. Kukosea pigo moja katika kila hesabu kunahamisha alama kwa 1.2, kwa hiyo tofauti ndogo kuliko hiyo hatuiamini. Homa, njaa na woga hupandisha hesabu ya kwanza. Tukiiona imeruka mbali na ya siku nyingine, tunamrudisha mtoto wiki inayofuata. Ikibaki juu sana mara kwa mara, au akilalamika maumivu ya kifua au kizunguzungu, tutawaita ninyi ili aonwe na daktari.

Sasa nguo. Suruali nzito ya shule humbana magoti na kuzuia jasho kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kutoa joto, mapigo hupanda, nasi tunaandika kwamba mtoto ni dhaifu kumbe tumeipima suruali. Bukta au suruali pana na singleti nyepesi vinatosha. Msichana anayejifunika anaweza kuvaa mikono mirefu na kitambaa chepesi kichwani, bila pini.

Kambambili hatutazikubali, na hapa sitabembeleza. Anayekimbia nazo hukunja vidole ili zisichomoke, hatua inakuwa fupi, na wakati wa kuchuchumaa mguu huteleza. Miguu mitupu ingefaa kwenye mchanga, lakini uwanja wetu ni mawe ya Nyiragongo. Lava iliyoshuka mjini Januari 2002 iliganda ikiwa na matundu, na kila kipande kinachovunjika kina ncha kama chupa. Tafuteni raba za mtumba soko la Virunga. Chapa si kitu. Pindeni soli kwa mkono: ikunjike penye vidole, isikunjike katikati, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole.

Wekeni pia shati kavu ndani ya mfuko, kwa ajili ya upepo wa ziwa baada ya jasho. Na mtoto aliyetoka kuugua malaria aje na barua yenu: ataketi na saa, awahesabie wenzake, na yeye tutampima akishapona.

Mwalimu wa elimu ya viungo