Nani Anamaliza Salio la Roboti?

Chukua chama cha ushirika cha kahawa chenye wanachama 3,000 kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, wengine wana mashamba ya mahindi na ndengu chini kule Mbeere. Chama hiki ni cha mfano tu, lakini hesabu zake ni za aina ambayo mweka hazina yeyote wa Meru au Embu angezitambua. Kimeweka roboti ya ujumbe inayojibu maswali ya kilimo kwa WhatsApp na kwa SMS, bila mkulima kulipa chochote. Kamati imeidhinisha shilingi 45,000 kwa mwezi, yaani 1,500 kwa siku. Kila swali linapoingia, chama kinalipia huduma ya akili mnemba inayotunga jibu, na kwa upande wa SMS kinalipia pia ujumbe unaorudi. Tuseme swali la kawaida linagharimu shilingi moja. Siku ya kawaida huingia maswali 250, na hakuna anayelalamika.

Tatizo ni kwamba namba ya roboti iko wazi kwa kila mtu. Imebandikwa ukutani kiwandani, imesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitumia. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo fundi huweka ni kikomo kwa kila namba, mara nyingi maswali 12 kwa siku. Kinaonekana kidogo na cha busara. Lakini zidisha: wanachama 3,000 mara maswali 12 ni maswali 36,000, na bajeti ya siku inabeba 1,500. Kikomo cha mtu mmoja kinamzuia mtu mmoja kula sehemu ya wengine. Hakilindi akaunti hata kidogo, kwa sababu hakijui ni watu wangapi watakaokuja.

Kabla ya kurekebisha hilo, kuna swali la nini hasa kinachohesabiwa. Kuhesabu maswali kunapotosha kwa sababu maswali hayalingani bei. Picha ya jani la kahawa lenye madoa ni ghali kuliko sentensi moja, na sauti ya dakika mbili hulipiwa pia kazi ya kuigeuza kuwa maandishi. Hata lugha ina bei yake. Ujumbe wa SMS unabeba herufi 160 ukiandikwa kwa herufi za kawaida, na Kiswahili kinaingia humo bila shida. Kimeru na Kiembu vikiandikwa kwa ĩ na ũ haviingii, kwa kuwa herufi hizo hazimo katika orodha ya msingi ya SMS. Herufi moja tu ya namna hiyo inaugeuza ujumbe mzima kwenda kwenye mfumo mwingine unaobeba herufi 70, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukikatwa. Jibu la herufi 300 lililotoka kwa Kiswahili kama vipande viwili litatoka kwa Kimeru kama vipande vitano. Kikomo cha maswali hakilioni hilo. Kikomo cha shilingi kinaliona. Kwa hiyo kila namba ipewe posho ya fedha kwa siku, si idadi ya maswali, na chama kiamue waziwazi kwamba anayeandika Kimeru apewe posho kubwa zaidi ili apate majibu sawa na mwenzake.

Posho ya siku peke yake haizuii fujo ya dakika moja. Programu iliyoandikwa vibaya, au mtu anayechezea roboti, anaweza kutuma ujumbe 40 kwa dakika na kuziba njia kwa wote. Dawa yake ni mbinu inayofanya kazi kama tangi la maji la nyumbani: lina ujazo wake, linajazwa polepole na bomba jembamba, na kila swali linachota lita moja. Tangi likiwa limejaa unaweza kuchota mfululizo. Likikauka unasubiri bomba.

```
akiba = min(UJAZO, akiba + (sasa - mwisho) * KASI)
mwisho = sasa
if akiba >= 1:
    akiba -= 1
    jibu(ujumbe)
else:
    subirisha(ujumbe)
```

Ukiweka `UJAZO` kuwa 8 na kasi ya swali moja kila dakika kumi, mkulima aliyekaa chini na kuuliza maswali sita mfululizo hatahisi chochote. Yule wa ujumbe 40 kwa dakika atapata manane kisha atabaki akisubiri. Hesabu lazima ifungwe kwenye namba ya simu. Kuna watengenezaji wanaofungia anwani ya mtandao kwa mazoea ya tovuti, na roboti ikiwa na ukurasa wake wa mtandaoni hilo linaumiza wasio na hatia: kampuni za simu huwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo ukifunga anwani moja umefunga pengine nusu ya soko la Meru.

Sasa turudi kwenye akaunti. Tuseme posho ya namba ni shilingi 30 kwa siku. Mtu mwenye laini 50 anaweza kumaliza shilingi 1,500 zote, na hakuna laini hata moja iliyovuka kikomo chake. Hivi ndivyo hasara kubwa hutokea mahali pengi. Mnamo Februari 2023 Twitter ilitangaza kwamba wasiolipia hawatatumiwa tena namba za kuthibitisha kwa SMS, na Elon Musk akasema kampuni ilikuwa ikipoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa SMS za uongo za aina hiyo. Wizi wa namna hiyo hauhitaji akaunti moja yenye ulafi. Unahitaji akaunti nyingi, kila moja ikiomba kidogo.

Kinachosaidia hapa ni kuigawa bajeti katika vyungu viwili, na mimi nakiona hiki kuwa uamuzi muhimu kuliko vingine vyote. Chama tayari kina daftari la wanachama na namba zao. Namba iliyomo daftarini inachota kwenye chungu cha wanachama, shilingi 1,200 kwa siku, posho 30 kila mmoja. Namba ngeni inachota kwenye chungu cha wageni, shilingi 300 kwa siku kwa wageni wote, posho 5 kila mmoja. Laini 50 zikija leo, zitakula 250 na mwanachama hatajua kama zilikuja. Zikija 500, zitakula 300 na kugonga ukuta. Mgeni wa kweli, kwa mfano jirani kutoka Tharaka aliyepewa namba sokoni, bado ana nafasi ya kuuliza, na akitaka zaidi anajiandikisha kwa karani wa kiwanda.

Ukuta wenyewe una kosa lake la kawaida. Roboti inaangalia salio, inaona shilingi 10, inaita huduma, kisha inakata. Ujumbe 20 ukiingia ndani ya sekunde moja, wote unaona shilingi 10 na wote unapita. Inabidi kukata kwanza makadirio ya juu, kuita, kisha kurudisha kilichobaki. Hesabu hiyo iwe yako mwenyewe kwenye seva yako, kwa sababu ripoti ya matumizi ya anayekuuzia huduma inaweza kuchelewa. Kosa jingine halitoki kwa adui kabisa. WhatsApp na Telegram hurudia kuituma taarifa ya ujumbe ikiwa seva yako haikuitikia kwa wakati. Siku mtandao ni mzito, swali moja linaweza kujibiwa na kulipiwa mara tatu. Amri moja ya Redis, `SET ujumbe:ID 1 NX EX 86400`, inatosha: ikikataa, ujumbe huo umeshapokelewa, uache.

Kichujio cha ujumbe taka ndicho chenye hatari kubwa zaidi kwa wakulima wenyewe. Tuchukue Novemba. Mvua za vuli zimeshuka Oktoba, mahindi ya Mbeere yako magotini, na viwavijeshi vamizi, wadudu walioingia Kenya karibu mwaka 2017, wameonekana ndani ya majani. Mtu anaandika swali lake kwenye kundi la WhatsApp, wengine wanalinakili na kulituma kwa roboti lilivyo. Ndani ya asubuhi moja mamia ya namba zinatuma maneno yaleyale. Kwa kichujio cha kawaida hicho ni kielelezo kamili cha shambulio. Hapohapo yuko mwenye agroveti anayeuliza kwa niaba ya wateja wake, na binti anayeuliza kwa ajili ya bibi yake na majirani wasio na simu janja. Namba zao ndizo zitakazoongoza kwa matumizi.

Maneno kufanana, basi, yasiwe ushahidi yenyewe. Wala lugha isiwe ushahidi: kichujio kilichofunzwa kwingine hukiona Kimeru kilichochanganywa na Kiswahili kama herufi zisizo na maana. Dalili bora ni mwendo. Mtu husoma jibu kabla ya kuuliza tena, na jibu la maneno 80 huchukua karibu nusu dakika kusoma. Namba inayotuma kila baada ya sekunde mbili kamili haisomi. Namba kumi ngeni zilizoanza dakika ileile na kutuma ujumbe mrefu kupita kiasi zinatosha kutiliwa shaka. Adhabu ianze kwa kupunguza kasi, kisha kufungia kwa saa chache, na mfungiwa aambiwe aende wapi kulalamika. Mwenye agroveti aandikwe daftarini kwa posho kubwa.

Na wale mamia wa viwavi? Jibu lao ni moja. Afisa wa ugani aliandike mara moja, lihifadhiwe, na kila anayeuliza apewe hilo bila kuita huduma inayolipiwa. Kwa WhatsApp, jibu linalotumwa ndani ya saa 24 tangu mkulima alipoandika halina malipo ya Meta. Siku ya maswali 1,800, ikiwa 1,300 ni ya viwavi na yamepita WhatsApp, yanayobaki kulipiwa ni 500, na bajeti inatosha.

Ikiwa haitoshi, roboti isizimike ghafla. Anayemaliza bajeti saa nane mchana anamfungia mlango yule anayerudi kutoka shambani saa moja jioni, ndiye aliyekuwa akifanya kazi wengine walipokuwa wakiuliza. Theluthi ya bajeti itengwe kwa ajili ya jioni. Matumizi yakifika asilimia 60 ya sehemu ya mchana, picha na sauti zisubiri, maandishi yaendelee. Yakifika 80, maswali yenye majibu yaliyohifadhiwa pekee. Yakiisha, kila anayeandika apate sentensi moja inayosema roboti itarudi saa ngapi, pamoja na namba ya ofisi ya ugani ya wadi yake.

Kila Ijumaa karani achukue ujumbe 50 uliozuiwa na amsomee mtu anayejua Kimeru na Kiembu. Wanachama wakionekana humo zaidi ya mara moja moja, kikomo kimebana mno, na kirekebishwe kabla ya msimu wa Machi.