Haidrojeni Inavyofichua Kilichomo Ndani ya Mwamba

Mwaka 1941, mjini Tulsa katika jimbo la Oklahoma, Marekani, mwanafizikia Mwitalia Bruno Pontecorvo alieleza njia mpya ya kupima visima vya mafuta. Miaka saba kabla ya hapo alikuwa kijana katika kundi la Enrico Fermi huko Roma, lililogundua kwamba nyutroni hupungua kasi zikipita kwenye parafini, aina ya nta iliyojaa haidrojeni. Ujuzi huo ndio aliouteremsha kisimani.

Mwamba wenye mafuta, maji au gesi si pango. Ni jiwe lenye vitundu vidogo mno, na wachimbaji hutaka kujua vitundu hivyo vinachukua sehemu gani ya jiwe na vimejaa nini. Chombo chembamba hushushwa kwa kebo hadi chini ya kisima, kisha huvutwa juu polepole huku kikipima. Ndani yake mna mchanganyiko wa amerisiamu na beriliamu unaotoa mamilioni ya nyutroni kila sekunde.

Nyutroni ikigonga kiini cha kalsiamu au silikoni hurudi nyuma karibu na kasi ileile, kama gololi iliyogonga jiwe kubwa. Kiini cha haidrojeni kina uzito unaokaribia sana ule wa nyutroni, kwa hiyo mgongano mmoja unaweza kuinyang'anya karibu nguvu zake zote. Kwa wastani, migongano 18 hivi na haidrojeni inatosha kuituliza nyutroni ya kasi. Kwa oksijeni inahitajika kama 150, na kwa silikoni zaidi ya 250. Mchanga na chokaa safi havina haidrojeni ndani ya chembe zake; maji na mafuta yanayo kwa wingi. Ndiyo maana anayepima haidrojeni huwa, kwa kiasi kikubwa, amepima vitundu vilivyojaa.

Swali linalofuata ni kigunduzi kikae umbali gani kutoka kwenye chanzo, maana umbali huo unaweza kugeuza kabisa maana ya kipimo. Mwamba wenye maji mengi huzituliza nyutroni mapema, zikarundikana karibu na chanzo. Kigunduzi kilicho karibu sana hupata hesabu kubwa maji yanapoongezeka. Kilicho mbali hupata hesabu ndogo, kwa kuwa ni nyutroni chache zinazofika huko. Katikati upo umbali ambao hesabu haibadiliki sana, maji yawe mengi au machache, na kigunduzi kikiwekwa hapo hakifai kitu. Vipimo vya unyevu wa udongo mashambani hutumia umbali mfupi. Vyombo vya visima vya mafuta hutumia umbali mrefu.

Basi kwa nini kisisogezwe mbali zaidi? Kwa sababu nyutroni zinazofika hupungua haraka. Hesabu ya 10,000 ina yumbo la asilimia 1 hivi. Hesabu ya 100 ina yumbo la asilimia 10. Isitoshe, umbali mrefu huchanganya tabaka nyembamba zikaonekana kama moja. Kuanzia miaka ya 1970 vilienea vyombo vyenye vigunduzi viwili, kimoja karibu na kingine mbali, vyote vikiwa ng'ambo ya ule umbali wa katikati. Kinachosomwa ni uwiano wa hesabu zao. Tope la kisimani huvipunguzia vyote viwili kwa viwango vinavyokaribiana, hivyo sehemu kubwa ya athari yake hujifuta.

Gesi ndiyo huleta kioja. Chukua jiwe la mchanga ambalo robo yake ni vitundu. Vikijaa maji, chombo kitasoma asilimia 25. Vikijaa gesi yenye theluthi moja ya haidrojeni ya maji, kitasoma kama 8 au chini yake, ingawa vitundu ni vilevile. Kipimo cha pili, cha msongamano wa mwamba, hudanganywa upande wa pili: gesi ni nyepesi, kwa hiyo husoma karibu 38. Mistari miwili ikipishana hivyo kwenye jiwe safi la mchanga, mpimaji hushuku gesi.

Udongo wa mfinyanzi hufanya kinyume. Maji yaliyoshikwa na chembe zake yana haidrojeni, lakini hayatiririki, na kipimo cha nyutroni hupanda bila vitundu vyenye faida. Jasi ni mbaya zaidi: hubeba maji ndani ya fuwele zake, ikaweza kusomeka kama jiwe lenye maji kwa nusu yake huku ni gumu kabisa. Ukuta wa kisima ukibomoka, chombo huachana na mwamba na kusoma tope lililojaa pengo. Kwa hiyo mpimaji huweka kando yake mstari wa upana wa kisima: palipopanuka ghafla, namba ya nyutroni ya kina hicho haipaswi kuaminiwa kabla ya kusahihishwa.