Kadi ya Saketi: Kila Sheria na Sharti Lake

Daftari la mihadhara ya saketi za umeme limepangwa kwa tarehe. Jumatatu Sheria ya Omu, Jumatano rezista za mfululizo na za sambamba, wiki inayofuata Kirchhoff. Mpangilio huo unamfaa mhadhiri, lakini mwanafunzi aliyekaa mbele ya swali haulizi somo lilifundishwa lini. Anauliza mkondo unapita wapi, volti ngapi ziko kati ya ncha hizi mbili, na jibu alilopata limekosewa wapi. Kadi ya rejea inapaswa kujibu maswali hayo, ndiyo maana kulipunguza daftari kwa herufi ndogo hakutoshi.

Chukua kipande cha karatasi ya manila kinachoingia mfukoni, kiasi cha nusu ya ukurasa wa daftari kubwa. Pitia daftari ukiwa na kalamu ya rangi na upigie mstari vitu vitatu tu: sheria, alama za michoro, na mahali ulipopata alama ya kosa katika mazoezi yako. Hayo ya tatu usiyaruke kwa aibu, kwa sababu ndiyo yatakayoijaza kadi kwa faida. Kisha futa kila kinachoweza kupatikana kutoka kwa kingine kwa hatua moja. Wanafunzi wengi huandika V = IR, halafu I = V/R, halafu R = V/I, kana kwamba ni sheria tatu. Ni moja, na nafasi ya zile mbili inahitajika kwa jambo kubwa zaidi: sharti.

Mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm alichapisha sheria yake mwaka 1827. Inasema kwamba katika kipitishi, mkondo hukua kwa kadiri ile ile volti zinavyokua, mradi joto lake lisibadilike. Neno hilo la mwisho ndilo linaloachwa kwenye kadi nyingi. Tazama balbu ya zamani ya waya wa tangsteni, ya wati 60 kwa volti 230. Ikiwaka, hesabu ya V²/P inatupa ukinzani wa takriban omu 880. Izime, iache ipoe, uitoe kwenye soketi yake na kuipima kwa multimita: utasoma chini ya omu 100. Multimita haijaharibika wala hesabu haijakosewa. Waya umepoa, na tangsteni baridi ina ukinzani mdogo sana kuliko iliyowaka. Kwa hiyo kwenye kadi, chini ya V = IR, andika: «R iwe ile ya joto lile lile. Balbu na diodi hazina R moja.»

Hapo ndipo umbo zima la kadi linapojitokeza: sheria, sharti lake, na kosa linalozaliwa sharti likisahauliwa, vyote mahali pamoja. Ukiyatenga makosa upande wa nyuma wa kadi, hutayasoma wakati unapoyahitaji.

Mfano ulio bora zaidi ni kigawa volti. Rezista mbili zimeunganishwa kwa mfululizo kwenye betri ya volti 12, ya juu kilo-omu 1 na ya chini kilo-omu 2. Volti za ile ya chini ni 12 × 2/3, yaani 8. Fomula hii hupendwa kwa wepesi wake, na mwanafunzi huichukua hadi maabara. Anaunganisha kifaa chenye ukinzani wa kilo-omu 2 sambamba na rezista ya chini, anapima, na multimita inasoma 6. Wengi hapo huanza kulaumu betri. Kilichotokea ni kwamba kilo-omu 2 mbili zilizo sambamba huwa sawa na kilo-omu 1. Sasa juu kuna 1 na chini kuna 1, na volti 12 zimegawanyika nusu kwa nusu. Fomula ya kigawa volti ilitolewa kwa kudhani kwamba mkondo ule ule unapita katika rezista zote mbili. Ukichota mkondo katikati, dhana hiyo imevunjika.

Basi andika hivyo: «Hakuna kinachochota mkondo katikati.» Ongeza kipimo kinachosaidia kazini: kifaa kiwe na ukinzani angalau mara kumi ya rezista ya chini. Katika mfano wetu, kifaa cha kilo-omu 20 kingeshusha volti kutoka 8 hadi takriban 7.7 tu, na kwa kazi nyingi tofauti hiyo inavumilika.

Sheria mbili za Gustav Kirchhoff, alizozitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi huko Königsberg, zinaingia kwenye kadi kwa maneno machache. Kwenye makutano ya waya, jumla ya mikondo inayoingia ni sawa na inayotoka. Ukizunguka kitanzi kizima cha saketi, volti zinazopanda na zinazoshuka zinafutana. Tatizo ni ishara za kujumlisha na kutoa. Kanuni ninayopendekeza iandikwe ni moja: ukitembea kutoka hasi kwenda chanya, jumlisha, kutoka chanya kwenda hasi, toa, na kwenye rezista, ncha ambayo mkondo unaingilia ndiyo chanya.

Ijaribu kwa betri za volti 12 na volti 3 zinazosukuma mkondo pande zinazopingana, na rezista ya kilo-omu 3 katika kitanzi kimoja. Jibu sahihi ni 12 − 3, yaani volti 9 kwa kilo-omu 3, sawa na miliampea 3. Aliyekosea ishara anapata 15 kwa 3, miliampea 5, na jibu lake linaonekana zuri tu. Kosa hili halijionyeshi lenyewe, hivyo weka njia ya kuligundua: rudisha mkondo uliopata kwenye kitanzi na uone kama jumla inakuwa sifuri. Mkondo ukitoka na ishara ya kutoa, usianze upya. Maana yake ni kwamba unapita kinyume na mshale uliouchora.

Umeona pia kwamba volti zikigawanywa kwa kilo-omu hutoa miliampea moja kwa moja. Mstari huo mfupi uwepo kwenye kadi, maana mchanganyiko wa vipimo hukosesha jibu mara elfu nzima.

Alama hazihitaji nafasi kubwa. Chora zile unazochanganya tu. Rezista iwe na sura zake mbili, msitari wa meno ya msumeno unaoonekana katika vitabu vya Marekani na mstatili wa viwango vya kimataifa, ili usidhani ni vitu tofauti. Kwenye seli, mstari mrefu ni chanya. Nyaya zinazokutana zina nukta. Zinazopishana bila kugusana hazina. Nukta iliyosahauliwa hubadilisha saketi nzima. Kando ya alama za vipimio andika: volti hupimwa sambamba, mkondo hupimwa kwa mfululizo. Multimita iliyowekwa kwenye ampea kisha ikaunganishwa moja kwa moja na ncha za betri hupitisha mkondo mkubwa, na fyuzi yake huungua.

Kadi ikishaandikwa, chukua karatasi ya mtihani wa zamani na ufanye maswali huku daftari limefungwa. Kila unapolazimika kulifungua, andika pembeni ulichokuwa unakitafuta; na kila mstari wa kadi ambao hukuugusa, utilie shaka. Kisha iandike upya. Usinakili ya mwenzako, kwa sababu nusu ya kadi ni makosa, na anayokosea yeye huenda wewe hukosei.