"Bado Ipo?": Majibu Yanayomsogeza Mnunuzi Hadi Kwenye Malipo

Swali "bado ipo?" ndilo ujumbe wa kwanza anaoupata karibu kila mtu aliyetangaza kitu cha kuuza kwa simu. Kwenye Marketplace ya Facebook, iliyoanza Oktoba 2016, mnunuzi hana hata haja ya kuliandika: maneno yamekwisha kuwekwa tayari, naye hugusa mara moja tu yakaenda. Kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Instagram huandikwa kwa mkono, lakini uzito wake ni uleule. Anayeuliza hajatumia muda wala fedha, na mara nyingi amewauliza wauzaji watatu au wanne kwa mpigo. Ni hodi tu. Haijulikani bado kama mgeni ataingia.

Ndiyo maana jibu la neno moja, "Ipo", huishia hapohapo. Ni la kweli, lakini linamrudishia mnunuzi kazi ya kufikiria aulize nini, na kwa kuwa ana wauzaji wengine mkononi, humfuata yule aliyemrahisishia. Muuzaji hubaki akilalamika kwamba watu siku hizi wanauliza tu, hawanunui. Malalamiko hayo yana ukweli nusu: wapo wanaouliza kupitisha muda, lakini wapo pia waliokuwa na fedha mfukoni wakakosa pa kushika.

Tuseme mtu wa Tabata, Dar es Salaam, anauza friji ya mlango mmoja iliyotumika, kwa Sh 320,000. Tangazo lina picha tatu na bei. Ujumbe unaingia: "Bado ipo?" Jibu linalofaa ni kama hili: "Habari. Ndiyo, bado ipo. Imetumika miaka miwili, inagandisha vizuri na raba ya mlango ni nzima. Ina mkwaruzo ubavuni, nakutumia picha. Ipo Tabata, unaweza kuja kuiona ikiwa imewashwa. Wewe uko maeneo gani?"

Jibu hilo lina mambo matatu. La kwanza ni ndiyo iliyo wazi. La pili ni habari ambayo tangazo halikuisema, tena ile ambayo mnunuzi wa kitu hicho huihofia zaidi. Kwa friji hofu ni kugandisha na hali ya kompresa. Kwa simu ni betri na kioo. Kwa pikipiki ni kadi, kwamba ipo na ina jina la nani. Anayejua bidhaa yake hujibu hofu hiyo kabla haijaulizwa. La tatu ni swali moja jepesi mwishoni, na hilo ndilo linalofanya mazungumzo yaendelee. Kuuliza "uko maeneo gani" ni bora kuliko kuuliza "unaihitaji kweli?", kwa sababu halimbani mtu wala halimtuhumu, na bado linamfunulia muuzaji jambo kubwa: umbali. Mtu wa Mbagala atahitaji kukodi kirikuu kubeba friji hadi kwake, na gharama hiyo ataitoa kwenye bei kichwani mwake hata asipoisema. Ni afadhali ijadiliwe mapema.

Mkwaruzo nao umetajwa kwa makusudi. Kasoro iliyosemwa kwenye ujumbe wa kwanza hupunguza bei kidogo au haipunguzi kabisa. Kasoro ileile ikigunduliwa mlangoni, mnunuzi aliyekwisha kulipa nauli huona amedanganywa, na hapo huomba apunguziwe makumi ya maelfu au huondoka.

Kasi ya kujibu ina thamani yake, kwani aliyejibu kwanza ndiye anayezungumza na mnunuzi ambaye bado hajachagua. Anayeuza mara kwa mara hutumia WhatsApp Business, ambayo ina majibu ya haraka: muuzaji anahifadhi maandishi mara moja, kisha anaandika mkwaju na neno fupi, kwa mfano `/friji`, na jibu zima linajitokeza. Shida yake ni kwamba jibu la kuhifadhiwa hutumwa hata pale lisipofaa. Mteja aliyeuliza "bado ipo, na inatumia umeme mwingi?" akapata maelezo ya raba ya mlango hujua mara moja kwamba hakusomwa.

Ujumbe wa pili wa mnunuzi, mara nyingi, ni "Bei ya mwisho?" Hapa ndipo wauzaji wengi wanapojiumiza. Muuzaji mwenye haraka huandika "280,000", na kuanzia dakika hiyo 280,000 si bei ya mwisho tena. Ndiyo ya kuanzia, na mnunuzi atakuja mlangoni kuipunguza. Kukataa kabisa nako humfukuza aliyezoea kwamba bei ni maelewano. Njia ya kati ni kuifunga bei kwenye kuja kuona: "Maongezi yapo, lakini tuongee ukiwa umeiona inafanya kazi. Kwa sasa ni 320,000." Mnunuzi aliye mbali ana haki ya kutaka kiwango kabla ya kupoteza nauli, na huyo apewe punguzo lenye sharti: "Ukija leo na kuichukua, nitakuachia kwa 300,000." Punguzo hilo limebadilishwa na kitu, yaani siku. Halikutolewa bure, kwa hiyo halialiki punguzo jingine kirahisi.

Baada ya bei, mazungumzo yapelekwe kwenye saa. Maneno "karibu wakati wowote" yanasikika ya ukarimu, lakini hayazai safari, kwa sababu wakati wowote maana yake si leo. Nyakati mbili za kuchagua hufanya kazi vizuri zaidi: "Nipo nyumbani leo kuanzia saa kumi na moja jioni, au kesho Jumamosi asubuhi kabla ya saa nne. Ipi inakufaa?" Mnunuzi akijibu "kesho asubuhi", muuzaji atume mahali pa kukutania na kuongeza mstari mmoja wa usafiri: kirikuu inafika hadi mlangoni, na kuna dereva wa jirani anayeweza kubeba. Asubuhi yenyewe ujumbe mfupi wa kuthibitisha unatosha: "Habari za asubuhi. Friji nimeiwasha tangu jana usiku ili uikute imeganda. Bado unakuja kabla ya saa nne?" Huo unamkumbusha bila kumsukuma, na unampa anayeghairi nafasi ya kusema kabla muuzaji hajapoteza siku.

Ombi la "niwekee, nitakuja mwisho wa mwezi" ndilo linaloua biashara nyingi kimyakimya. Kumwekea mtu bila kianzio ni kuwazuia wanunuzi wengine kwa ajili ya ahadi. Jibu la haki ni kueleza utaratibu ambao kila mtu anaupata: "Anayekuja kwanza na fedha ndiye anayechukua. Ukitaka nikuwekee, kianzio ni 50,000, na nitakuwekea hadi Jumatano." Lazima iandikwe pia itakuwaje mnunuzi akighairi, iwapo kianzio kinarudi chote, nusu, au hakirudi. Hata hivyo kianzio kwa mtu ambaye hajaiona bidhaa kina upande wake mbaya. Matapeli hutangaza vitu wasivyo navyo na kuishi kwa vianzio hivyohivyo, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu atakataa, na hajakosea. Kwa friji moja ya nyumbani ni busara zaidi kuomba kianzio baada ya kuonwa tu. Kuzua mteja mwingine ("kuna mtu yuko njiani anakuja nayo fedha") ni mbinu inayotumika sana na inayotambulika upesi. Kama mtu huyo yupo kweli atajwe, na kama hayupo asitajwe.

Malipo nayo yanazungumzwa kabla ya kukutana, kwani mlangoni ndipo ubishi unapozuka. Mambo mawili yanatosha. Moja ni njia: taslimu, au kwa simu kwa namba ipi na jina lipi litakalotokea. Mnunuzi anapotuma kwa M-Pesa au mtandao mwingine, jina la mpokeaji huonekana kabla hajaweka namba ya siri. Asipolitambua husita, na kusita kwa aina hiyo kumekwisha kuvunja mauzo yaliyokuwa yamekamilika. Mstari wa kuandika ni mwepesi: "Ukilipa kwa simu, jina litakalotokea ni la mke wangu, naye atakuwepo." Jambo la pili ni ada. Fedha ikilipwa kwa simu, nani analipa makato ya kuitoa kwa wakala? Kama bei ya 300,000 haijumuishi, isemwe mapema kwamba ni "laki tatu na ya kutolea". Ikisemwa baada ya kukubaliana, itaonekana kama nyongeza ya kijanja.

Friji haitoki ndani kabla fedha haijathibitishwa kwenye salio. Ujumbe wa maandishi si uthibitisho, maana unaweza kughushiwa na kutumwa kutoka namba yoyote. Muuzaji afungue akaunti yake mwenyewe aangalie, kwa Vodacom Tanzania `*150*00#`, kwa Airtel Money `*150*60#`. Dalili za ujanja hazifichiki sana: anayelipa bila kuuliza lolote kuhusu bidhaa, anayedai ametuma zaidi kwa bahati mbaya na anataka chenji irudishwe upesi, au anayeomba namba za uhakiki zilizoingia kwenye simu ya muuzaji ili "malipo yapite". Fedha halali haihitaji namba hizo. Anayeharakishwa apunguze mwendo.

Kuna wanaonyamaza katikati ya mazungumzo. Ukumbusho wa kwanza utumwe siku inayofuata, na ubebe kitu kipya: video fupi ya friji ikiwa imewashwa, au nafasi ya kuja Jumapili. "Vipi, bado unaihitaji?" pekee yake humrudisha muuzaji kwenye nafasi ya mwombaji. Ukumbusho wa pili unafaa tu pale jambo lenyewe limebadilika, kama bei kushuka. Wa tatu ni usumbufu, na namba huzuiwa.

Mnunuzi akishalipa na kirikuu ikipakiwa, ujumbe mmoja wa mwisho humaliza kazi vizuri: "Ukifika, isimamishe saa kadhaa kabla ya kuiwasha, hasa kama ililazwa njiani." Friji ikilazwa, mafuta ya kompresa huweza kuingia kwenye mabomba, na ikiwashwa papo hapo huweza kuharibika, mnunuzi asiyeambiwa atapiga simu usiku akidai ameuziwa mbovu. Tangazo nalo libadilishwe siku hiyohiyo kuwa `Sold`, na waliouliza wajibiwe kwamba imeuzwa. Mpaka fedha iingie, lakini, tangazo libaki hewani na aliye wa pili kwenye foleni asiambiwe imekwisha, kwa sababu wanunuzi wanaoahidi kuja kesho asubuhi hawafiki wote.