Pampu Imeungua, na Shemeji Ana Duka

Pampu ya kisima cha kijiji imeungua. Kamati ya maji imekusanya bei kutoka maduka matatu ya mjini, na moja kati ya hayo ni la shemeji yake mweka hazina. Bei ya shemeji ndiyo ya chini kuliko zote. Je, kamati inunue kwake au isinunue?

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kijiji anaujua. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, maji ya vijijini Tanzania Bara yako chini ya RUWASA, na miradi mingi huendeshwa na vyombo vya watumia maji wenyewe. Kamati hizi huuza maji kwa ndoo, hutunza fedha za wananchi, hununua mabomba na kumlipa fundi. Na wanakamati ni watu waliooana, wanaosali pamoja na kuzikana. Kanuni ya maadili inayosema tu kwamba "viongozi wawe waadilifu" haimwambii mweka hazina afanye nini siku ya pampu. Kanuni inayofaa humwambia.

Jambo la kwanza ambalo kanuni inapaswa kulisema wazi ni kwamba kuwa na shemeji mwenye duka si kosa. Huo ni mgongano wa maslahi: hali ambayo uamuzi wa jumuiya unaweza kumnufaisha mjumbe au mtu wake wa karibu. Kosa huanza pale mjumbe anaponyamaza. Kwa hiyo kanuni impe hatua tatu: atangaze, atoke, na iandikwe.

Atangaze mwanzoni mwa kikao, kabla bei hazijafunguliwa, kwa sababu akishaziona, kutangaza kwake hakuna maana. Atoke nje ya chumba kabisa. Akibaki ndani na kunyamaza tu, wenzake watasema kwa kumwonea haya. Kamati ina wajumbe tisa na akidi yake ni watano, hivyo akitoka yeye wanabaki wanane na kikao kinaendelea. Kisha katibu aandike kwenye muhtasari: "Mweka hazina alitangaza kuwa mwenye duka la kwanza ni shemeji yake. Alitoka saa 4:10, akarudi saa 4:45 baada ya uamuzi."

Sasa wanane waliobaki waangalie. Shemeji anauza pampu kwa Sh 4,200,000 na dhamana ya miezi mitatu. Duka la pili linauza pampu ya nguvu ileile kwa Sh 4,450,000, dhamana ya miezi kumi na miwili. Kamati inachagua la pili na kuandika sababu yake: kwa nyongeza ya Sh 250,000 inapata miezi tisa zaidi ya dhamana. Kama dhamana zingelingana, ingekuwa halali kununua kwa shemeji, mradi mtu mwingine aipokee pampu na kuikagua, na mweka hazina asilipe bila sahihi ya mpokeaji huyo.

Ujanja mkubwa huwa kwenye karatasi zenyewe za bei. Ziweke tatu zote mezani kwa pamoja. Zikiwa na mwandiko mmoja, au kosa lilelile la tahajia kwenye jina la kijiji, huenda zimetoka mkono mmoja. Dalili nyingine ni manunuzi yaliyovunjwa vipande: ikiwa kanuni inataka bei tatu kuanzia Sh 500,000, na kwenye daftari kuna mabomba ya Sh 480,000 wiki hii na ya Sh 490,000 wiki ijayo, kutoka duka lilelile, kamati iulizwe.

Zawadi ni ngumu zaidi, maana kwetu mgeni haondoki mikono mitupu na mwenyeji hakatai anachopewa. Tanzania imewahi kulijadili hili mahakamani. Sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo. Jumuiya ndogo haihitaji mjadala mrefu kiasi hicho. Inatosha iulize nani anatoa, na kama ana jambo linalosubiri uamuzi wetu.

Bibi aliyeunganishiwa maji akileta kuku wa shukrani, kuku apokewe kwa jina la jumuiya, aandikwe, na aliwe kikaoni. Muuza pampu anayesubiri jibu akileta kuku huyohuyo, arudishiwe. Kanuni iweke kiwango chake, tuseme Sh 20,000, ambacho zawadi ikikizidi lazima kamati nzima iiamue. Fedha zisipokewe kwa kiwango chochote, na hapo itajwe wazi kuwa pesa iliyotumwa kwa simu ni fedha, na vocha vilevile. Mjumbe akikuta muamala asioutarajia, aurudishe siku hiyohiyo na kutunza ujumbe wa simu. Daftari la zawadi liwe na safu tano tu: tarehe, mtoaji, kitu, thamani ya kukadiria, na kilichofanyika.

Kutoa taarifa ndiko kunakoshindikana mara nyingi. Tuseme mjumbe mmoja anaona mita ya kilula ilisoma 1,204 Jumatatu asubuhi na 1,240 Jumapili jioni. Ni uniti 36, yaani lita 36,000, au ndoo 1,800 za lita ishirini. Kwa Sh 50 kila ndoo, mapato yangekuwa Sh 90,000. Stakabadhi zinaonyesha Sh 63,000. Taarifa yake iseme hivyo hivyo alivyoona, na isiandike kwamba muuza maji ni mwizi. Zile Sh 27,000 ni ndoo 540, na huenda zilipotea kwenye bomba linalovuja baada ya mita, au zilikwenda shuleni bure kwa idhini ya mwenyekiti. Huenda pia ziliibwa.

Nani apokee taarifa hiyo? Kanuni itaje milango miwili ndani: mwenyekiti, na mtu mmoja asiye mjumbe wa kamati aliyechaguliwa na mkutano mkuu. Wa pili ni wa lazima, kwa sababu siku moja anayelalamikiwa atakuwa mwenyekiti mwenyewe. Mtoa taarifa ajulishwe ndani ya siku saba kwamba imepokelewa, na ndani ya siku thelathini aelezwe kilichopatikana. Nje ya jumuiya kuna ofisi ya RUWASA ya wilaya, na kwa rushwa kuna TAKUKURU, namba 113, bila malipo. Sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi inamkinga anayesema kwa nia njema asilipiziwe kisasi.

Lakini kijijini kuficha jina hakutoshi. Ukikagua kilula kimoja tu, muuza maji atajua mara moja nani aliyesoma mita yake. Kwa hiyo anayepokea taarifa aagize ukaguzi wa vilula vyote wiki hiyo, kama kazi ya kawaida. Ukweli utapatikana, na mtoa taarifa atakuwa salama.

Yote haya yanaenea kwenye ukurasa mmoja. Usomwe kwenye mkutano mkuu, kila mjumbe atie sahihi na aandike biashara zake na za ndugu zake wa karibu, na orodha hiyo ihuishwe kila mwaka. Kisha kwenye mkutano mkuu unaofuata, mwanachama yeyote aombe kuona daftari la zawadi na mihtasari ya manunuzi. Kama hakuna hata tangazo moja la undugu kwa mwaka mzima, katika kijiji ambacho kila mtu ana shemeji, kanuni haifuatwi, na mkutano una haki ya kuuliza kwa nini.