Seramu Ndani ya Friza

Seramu ni majimaji ya rangi ya manjano yanayobaki baada ya damu kuganda na kuzungushwa kwenye sentrifuji. Humo hupimwa chumvi, mafuta, homoni na vimeng'enya, na mara nyingi sampuli husubiri siku au miezi kabla ya kupimwa. Maabara hailazimiki kubahatisha kama jibu litakuwa bado sahihi. Huchunguza kwanza kila kitu kinachopimwa kinadumu kwa muda gani, katika baridi ipi na katika chombo gani.

Kimeng'enya kiitwacho laktati dihaidrojenesi, kwa kifupi LDH, ni mfano mzuri kwa sababu kinavunja dhana kwamba baridi hutunza kila kitu. Huongezeka katika seramu pale ini, misuli au chembe nyekundu za damu zinapoharibika. Kina aina tano, na ile ya tano, iliyo nyingi kwenye ini, haistahimili baridi. Ndiyo maana seramu iliyokaa mezani siku mbili inaweza kutoa jibu sahihi kuliko iliyogandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ila meza hiyo iwe kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Chumba kisicho na kiyoyozi Dar es Salaam wakati wa kiangazi hakihesabiki.

Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri ina tatizo lake. Seramu inapopoa, maji safi hutangulia kuwa barafu na kuisukuma chumvi pembeni. Maji ya chumvi iliyokolea hivyo hayagandi yote mpaka baridi ifike takriban nyuzi 21 chini ya sifuri. Basi ndani ya kichupa kinachoonekana kigumu kama jiwe hubaki vijishimo vya maji makali ya chumvi, na protini zimebanana humo. Kila sampuli inapoyeyushwa na kugandishwa upya, protini hupita tena katika hali hiyo. Kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri mabadiliko karibu yote husimama, lakini njia ya kwenda na kurudi bado ina madhara.

Uchunguzi wenyewe unaweza kuanza na seramu ya watu kumi hivi, wengine wenye LDH ya kawaida na wengine ya juu. Seramu yenye wekundu hutupwa, kwa kuwa chembe zilizopasuka zimekwisha kumwaga LDH yake humo. Ya kila mtu huchanganywa na kugawanywa katika vichupa vya nusu mililita. Kimoja hupimwa papo hapo kabla ya kugandishwa, na jibu lake ndilo msingi. Vingine hugandishwa kwa saa 12 au zaidi, vikayeyushwa na kurudishwa, mara moja, mbili au tatu.

Tuseme seramu ya mtu mmoja ilianza na yuniti 250 kwa lita, na baada ya kuyeyushwa mara tatu ikatoa 225. Imepungua kwa asilimia 10. Hesabu hiyo hufanywa kwa kila mtu, kisha hutafutwa wastani. Kikomo huwekwa kabla ya kuanza, kwa kuangalia LDH ya mtu mzima wa afya hupanda na kushuka kiasi gani yenyewe. Kikiwa asilimia 6, mara tatu zimekataliwa. Kikomo kinachopangwa baada ya kuona majibu hakina thamani yoyote.

Kabla ya kulaumu baridi, inafaa kuangalia sodiamu ya kichupa kilekile, kwa kuwa sodiamu haiozi. Ikipanda kutoka 140 hadi 145, na protini nayo kutoka 70 hadi 72.5, maji yametoroka kwenye kifuniko. Dawa yake ni kichupa cha polipropilini chenye kifuniko cha kuzungusha na pete ya mpira, kilichojazwa karibu na juu lakini kikaachiwa nafasi, maana barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9. Seramu kidogo katika kichupa kikubwa hupoteza maji yake kwenye kuta kama theluji.

Sodiamu ikishuka hadi 120, sampuli haikuchanganywa: seramu iliyoyeyuka hujitenga, majimaji mepesi juu na yaliyokolea chini. Hugeuzwa polepole mara kumi bila kutoa povu. Sodiamu ikibaki 140 huku LDH pekee ikishuka, hapo kimeng'enya chenyewe ndicho kilichoharibika.

Friza inayojiyeyusha barafu haifai kwa kazi hii, kwani hujipasha joto mara kwa mara, na umeme ukikatika hadi vichupa vilainike, huo ni mzunguko mmoja na lazima uandikwe. Jibu la uchunguzi huandikwa kwa kitu kimoja kimoja: kichupa kilichokataliwa kwa LDH bado kinaweza kupimwa sodiamu na kolesteroli.